Kistari cha Yuleyule

Katika kiwanda cha chapa cha Bwana Adamji, kichochoro cha pili nyuma ya Ndia Kuu, palikuwa na neno ambalo hungelisikia kwengineko kokote Mombasa. Mwandishi akiwa na kazi mbili au tatu katika orodha ya marejeo, jina lake huchapwa mara moja tu, katika mstari wa kwanza. Mistari inayofuata huanza kwa kistari kirefu, maana yake mwandishi ni yuleyule wa juu. Basi wapanga herufi wa pale walikiita kistari hicho yuleyule, na waliposomeana kwa sauti ili kusahihisha walisema, “Yuleyule, elfu moja mia tisa thelathini na sita, nukta.”

Msomaji mkuu wa kiwanda hicho, mwaka wa 1948, alikuwa Kalama wa Ngowa, Mgiriama wa Kaloleni aliyesomeshwa na misheni hadi shule ilipokwisha. Alifika kisiwani mwaka wa 1929, akahesabu magunia Kilindini kwa miaka minne, kisha Bwana Adamji akamkuta siku moja amesimama mbele ya duka lake akisoma tangazo la mlangoni na kutikisa kichwa.

“Watikisa kichwa kwa nini?” Adamji alimuuliza.

“Kuna makosa matatu, bwana.”

“Mimi naona mawili.”

“La tatu ni jina lako.”

Tangu siku hiyo alikaa dirishani, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi, na hapana karatasi iliyotoka kiwandani bila jicho lake. Mji ulikuwa na watu waliodhani kwamba Mnyika, mtu wa vijiji vya bara kama yeye, hawezi kusahihisha Kiswahili cha mwungwana. Walikuwa wakileta vitabu vyao vya dua na kalenda zao, wakivichukua vimenyooshwa, wakaenda zao wakidhani aliyevinyoosha ni Mhindi. Dhana hiyo ilikuwa ujinga, na ujinga haugeuki adabu kwa kuwa umevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Mtu mmoja hakudhani hivyo, na ndiye aliyemvuta Kalama kwenye urafiki. Huyu alikuwa Zein bin Muhdhar, mwalimu wa shule, kijana wa nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, msomi na mcheshi. Zein alileta gazeti la shule lichapwe mwaka wa 1934, akaketi na Kalama dirishani kusahihisha, na tangu hapo ikawa Alhamisi haipiti hawajanywa kahawa pamoja. Kalama alipofiwa na babake, mzee Ngowa, Zein alipanda lori la Makupa, akashuka njiani, akatembea maili sita kwa miguu hadi kaburini. Mambo hayo hayasahauliki.

Zein pia ndiye aliyemhimiza aandike. Mama yake Kalama, Bi Kache, alijua mizizi na majani kuliko mtu yeyote wa mlango wao: ya homa, ya tumbo la watoto, ya jicho. Kalama aliyaandika aliyoyajua mamake, mti kwa mti, akayaita *Dawa za Mizizi*. Mwaka wa 1939 Zein akayarudufu kwa mashine ya shuleni kwake, nakala arubaini zilizoshonwa kwa uzi. Jaladani paliandikwa jina la Kalama, na ukurasa wa kwanza ukasema: *Haya nimeyapokea kwa mama yangu, Kache.* Bi Kache hakujua kusoma, lakini aliujua ukurasa ule kwa umbo lake, na mgeni akija kwao Tononoka aliufungua akauwekea kidole.

Sasa kulikuwa na kitabu kikubwa. Bwana Whitmore, ofisa wa elimu aliyestaafu, alikuwa amekusanya sura tisa za waandishi tisa juu ya chakula, mimea na maradhi ya pwani, naye akiwa mhariri. Sura ya saba, ya dawa, ilikuwa ya Zein. Kwa sura hiyo Zein alikuwa ameazima nakala ya mwisho ya kitabu aliyobaki nayo Kalama, mwaka wa 1946, naye akakitaja kwa haki, mara kumi na moja, kila mara ndani ya mabano: *(Kalama, 1939)*. Kalama alikuwa ameuona mswada huo kwa macho yake. Hata orodha ya marejeo ya sura ile aliiandika yeye kwa mkono wake, kwa kuwa Zein alikuwa na haraka.

Kila sura ilikuja na orodha yake. Bwana Whitmore akataka zote ziunganishwe ziwe moja mwishoni mwa kitabu, na baada yake ije faharasa ya waandishi, ili mtu akitaka kujua fulani ametajwa ukurasa gani amwone mara moja. Kuunganisha orodha ni kazi ya mkasi na gundi: kila mstari unakatwa ukawa kipande, vipande vinapangwa kwa alfabeti, vinabandikwa juu ya karatasi kubwa. Zein alijitolea kuifanya.

“Nikusaidie, ndugu yangu,” alimwambia Kalama. “Wewe utakuwa na faharasa, na faharasa itakumaliza macho.”

Ilikuwa mwezi wa Aprili, na sura zenyewe zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa herufi za risasi tangu Januari.

Mwezi wa Juni kurasa za majaribio zilitoka, kila moja na nambari yake, na hapo tu ndipo faharasa inapoweza kuanzwa, maana faharasa bila nambari za kurasa ni barua isiyo na anwani. Kalama alianza kwa orodha. Kila mwandishi alimwandikia kadi yake. Alifika kwenye majina, na majina yalikuwa na ubishi wao. Bwana Whitmore alikuwa ameagiza jina la mwisho litangulie, kama desturi ya kwao. Kalama alimwendea akamweleza kwamba kwa watu wa pwani la mwisho ni la baba: ukimgeuza Zein bin Muhdhar umemworodhesha marehemu Muhdhar, ambaye hakuandika neno. Whitmore akafikiri, akakubali: Wazungu wageuzwe, watu wa pwani waachwe walivyo, na palipo na shaka kuwe na neno *tazama*.

Kisha akazichukua kurasa za majaribio kuanzia wa kwanza, akasoma kila mstari, na kila jina alilokutana nalo aliliandikia nambari ya ukurasa katika kadi yake. Kanuni yake ilikuwa moja, nayo ilimfaa miaka kumi na tano: kila jina lililomo ndani ya sura lazima lipate mstari wake katika orodha, na kila mstari wa orodha lazima upate mahali pake ndani ya sura. Kisichopata mwenzake ni kosa, na kosa hilo si la faharasa. Faharasa ndiyo iliyolifichua.

Alipofika ukurasa wa 134, alisoma *(Kalama, 1939)*, akaitafuta kadi yake mwenyewe kwa aibu kidogo, kama mtu anayejitazama kiooni mbele za watu. Akaenda kwenye orodha kuhakikisha. Chini ya jina lake palikuwa na makala moja tu, ya 1936. Ya 1939 haikuwapo.

Akapekua. Akaikuta mwisho kabisa, katika ukurasa wa mwisho wa orodha:

*Zein bin Muhdhar. 1934. Chakula cha Ramadhani kisiwani.*
*———. 1939. Dawa za Mizizi.*

Kalama alicheka peke yake. Bwana Adamji akainua kichwa kutoka mezani kwake.

“Umepata nini, Kalama?”

“Yuleyule yatima, bwana.”

Adamji alielewa papo hapo, kwani lilikuwa kosa la kila mwaka. Ukiikata orodha vipande bila kwanza kuandika jina kamili mahali pa kila kistari, kipande chenye kistari hupoteza mwenyewe. Kikianguka chini ya jina jingine, kimepata baba mpya. Mwaka wa nyuma walikuwa wamempa padre mmoja wa Kijerumani kitabu cha mapishi.

“Na huyu yatima ni wa nani?”

“Ni wangu.”

“Basi mrudishe nyumbani,” Adamji alisema, “kabla hajaoa huko.”

Alhamisi hiyo Kalama alikwenda kwa Zein baada ya alasiri. Zein alikuwa kibarazani kwake, kikoi kiunoni, na barua ndefu yenye stempu ya Uingereza mapajani. Aliikunja Kalama alipokaribia.

“Karibu, mwenye ukali wa nukta. Hebu keti.”

Kalama akaketi, akamweleza kisa cha yuleyule, akicheka tena. Zein naye alicheka, lakini alichelewa, kama mtu aliyesubiri tafsiri.

“Ah,” alisema. “Mkasi huo. Nilikuwa na vipande mia mbili na upepo umeingia dirishani.”

“Nililijua hilo. Nimelitia alama nyekundu. Ila kwa kuwa ni sura yako, nataka nawe utie mkono wako katika kurasa zako, mhariri asije akauliza.”

“Niletee hizo kurasa. Nitalinyoosha.”

“Bi Kache aniuliza kila siku kitabu kimefika wapi.”

“Mwambie kimefika,” Zein alisema, akammiminia kahawa. “Waona, Kalama, nimepata barua. Wanataka kunipeleka Uingereza miaka miwili. Wauliza tu ni kitabu gani nilichoandika peke yangu.”

“Utawajibu nini?”

“Mungu atafungua,” Zein alijibu.

Siku ya nne tangu Zein apelekewe, kurasa za sura ya saba zikarudi kiwandani ndani ya bahasha. Kalama alizifungua kwa wepesi wa mtu anayetarajia kukuta kazi imekwisha. Ukurasa wa 134: neno *Kalama* lilikuwa limepigwa mstari kwa wino mweusi, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa Zein, paliandikwa *Zein*. Ukurasa wa 137, vivyo hivyo. Wa 139, mara mbili. Alizihesabu zote kumi na moja. Zein alikuwa amelinyoosha kosa kama alivyoahidi. Alilinyoosha kwa upande wa pili.

Kalama aliziweka kurasa chini. Aliinuka akaenda kabatini, akatoa zile karatasi kubwa zilizobandikwa vipande, ambazo kiwanda huzitunza mpaka kitabu kishonwe. Akaukunjua ukurasa wa mwisho juu ya meza, penye mwanga.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo kicheko kilimsahaulisha. Orodha ya sura ya saba aliiandika yeye, na yeye hakuwa mtu wa kuandika yuleyule katika orodha itakayokatwa. Alikuwa ameandika jina lake kamili katika kila mstari. Kipande kile hakikupata kuwa na kistari.

Kilikuwa mbele yake: *1939. Dawa za Mizizi*, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino wa buluu wa kiwandani. Lakini kipande kilikuwa kifupi kuliko vyote, pungufu ya upana wa vidole vitatu upande wa kushoto, na pale palipopungua, juu ya karatasi tupu ya chini, palichorwa kistari kwa wino mweusi. Upepo haukati kwa mkasi.

Yako maovu ambayo mtu huyatenda akiwa na njaa au hofu, na haya tumejifunza kuyaonea huruma. Lakini mtu aliyekaa na rafikiye miaka kumi na minne, akajifunza kutoka kwake kosa lisilo na hila la kazi yake, kisha akaligeuza kosa hilo kuwa shuka la kufunikia wizi, akijua kwamba watu wa kazi ile watacheka tu na kusema ni yuleyule — huyo huruma ya kumwonea sijaiona bado. Mla nawe hafi nawe. Na Kalama aliona wazi hesabu nzima ilivyofikiriwa: faharasa ikitengenezwa kwa orodha hiyo na kwa kurasa hizo zilizosahihishwa, kila kitu kitapata mwenzake. Kanuni yake ya miaka kumi na tano ingeapa kwamba Zein ndiye mwandishi. Naye Kalama ndiye angeandika kadi hiyo kwa mkono wake.

Jioni, Tononoka, Bi Kache alikuwa akichambua mchicha.

“Kile kitabu kimefika wapi, mwanangu?”

“Kimekwama.”

“Kwa mashine?”

“Kwa Zein.” Akamwambia yote.

Bi Kache aliendelea kuchambua. “Yule aliyekunywa uji wangu matanga ya babako, vibakuli viwili?”

“Ndiye.”

“Muulize mti wa jicho unachimbwa upande gani wa mzizi. Akijua, mpe kitabu.” Kisha akakung'uta mikono. “Jina langu nalo limo katika hiyo orodha?”

“Orodha ni ya waandishi, mama. Wewe umo ndani ya kitabu changu.”

“Basi akikichukua yeye, mimi nitakuwa nimemzaa yeye,” alisema. “Sitaki.”

Jumatatu Bwana Whitmore alifika kiwandani, Kalama akaomba Zein aitwe. Wakawa wanne: mhariri, Adamji, Zein katika kanzu na koti, na Kalama aliyebaki amesimama. Alizitandaza karatasi, akaonyesha kipande kifupi, akaonyesha mabadiliko kumi na moja. Alisema polepole, bila kupandisha sauti.

Whitmore alimgeukia Zein. “Mwalimu?”

“Kitabu kile nilikirudufu mimi, shuleni kwangu, kwa mashine yangu,” Zein alisema. “Kalama alinipa majina ya miti, na nashukuru. Kwa upole wangu nikamtaja katika mswada. Baadaye nikaona si sawa kumdanganya msomaji.”

“Na mkasi?”

“Kipande kiliraruka.”

“Hakina mraruko,” Adamji alisema, akikitazama kwa kioo cha kukuzia. “Kimekatwa, kimenyooka kama hundi.”

“Una nakala ya kitabu hicho, Kalama?” Whitmore aliuliza. Kalama akamtazama Zein.

“Nakala yangu anayo yeye.”

“Nilikwisha kuirudisha,” Zein alisema.

Whitmore akavuta pumzi. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu mwenye tarehe ya kumaliza, na watu wa namna hiyo wameruhusu dhuluma nyingi nchini mwetu bila hata kunyanyua mkono. Alisema kwamba kwa desturi mwandishi wa sura ndiye mwenye dhamana ya kurasa zake. Kwamba ni neno la mmoja dhidi ya mwenzake. Kwamba faharasa ifuate maandishi yalivyosahihishwa.

“Kabla ya hapo,” Kalama alisema, “kuna kadi moja nimekosa pa kuiweka.”

Akaitoa mfukoni. Aliipata Jumamosi, alipozipanga kadi zote kwa alfabeti na kuzipitia mara ya pili, kazi ambayo wengi huiruka. Katika sura ya nne, ya Bwana Musyoka, tabibu msaidizi anayekaa Makupa, ukurasa wa 88, palikuwa na mabano yasemayo *(Ngowa, 1939)*. Na katika orodha, chini ya herufi N, palikuwa na mstari ambao Kalama alipoupita mara ya kwanza alipanga kuufuta baadaye, kisha akausahau, kwa kuwa aliuona kuwa kosa tu la kumgeuza mtu wa pwani kama Mzungu: *Ngowa, K. wa. 1939. Dawa za Mizizi.*

“Kitabu kile kile, mwaka ule ule,” alisema Kalama. “Kimo mara mbili katika orodha moja, kwa waandishi wawili. Mkasi ulipita kwenye K. Haukujua kwamba nimo pia kwenye N.”

Whitmore aliuweka mstari ule kando ya ule wa Zein, akaitazama yote miwili.

“Huyu Ngowa ni nani?” aliuliza.

Kalama aligeuza uso kwa Zein. Alimwachia Zein jawabu hilo, kwa sababu mpaka dakika ile, moyoni mwake, bado alikuwa na mlango mmoja uliorudishwa tu, haujafungwa. Mtu aliyetembea maili sita kwenda kumzika Ngowa, akashika jembe, hangeweza kulisikia jina lile asiseme kweli.

“Simjui,” Zein alisema. “Katika wasomi wa pwani sijapata kumsikia mtu wa jina hilo. Pengine Musyoka amekosea. Mstari huo wafutwa tu, ni wa ziada.”

Huko nyuma mashine ya kukunjia karatasi iliendelea kuvuma. Mambo mengine yote Kalama angeweza kuyasamehe siku moja, kipande na wino na barua ya Uingereza. Hilo la mwisho lilimpiga penye mfupa. Zein hakuwa amemwibia kitabu tu. Alikuwa amemfukua babake.

Aliyesema kwanza ni Adamji. “Bwana Whitmore, mstari wa ziada haufutwi kwa kuulizana sisi. Huulizwa aliyeuandika. Makupa si Bombay.”

Musyoka alifika kesho yake kwa baiskeli, bado amevaa koti la hospitali, akiwa na kijitabu kilichofungwa kwa gazeti. Alikinunua mwaka ule ule kilipotoka, na tangu hapo kilikaa rafuni kwenye chumba cha dawa, karibu na chupa za iodini, na kilikuwa na madoa yake. Jaladani: *Dawa za Mizizi. Ameandika Kalama wa Ngowa.* Ukurasa wa kwanza: *Haya nimeyapokea kwa mama yangu, Kache.* Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: *Kimerudufishwa kwa hisani ya Mwalimu Zein bin Muhdhar.*

“Nimekosea nini?” Musyoka aliuliza, akiwatazama mmoja mmoja. “Nimeambiwa nimekosea.”

“Umegeuza jina,” Kalama alimwambia. “La kwanza ni langu, la mwisho la baba.”

“Niwie radhi. Nilifuata vitabu vya Wazungu.”

“Safari hii Mungu akulipe kwa kosa hilo,” Adamji alisema.

Whitmore alisoma jalada mara mbili. Akachukua kalamu, akarudisha *Kalama* katika mahali pote kumi na moja, na mstari wa 1939 chini ya jina lake katika orodha, akatia sahihi pembeni. Zein hakuwapo. Alikuwa ametuma neno kwamba ana homa. Bwana Whitmore hakumwandikia mtu yeyote barua juu ya jambo hilo, wala hakuitoa sura ya saba. Alisema kitabu kimekwisha kuchelewa. Kalama alimwambia usoni kwamba kitabu kinachochelewa hupona, na haki inayoachwa nusu haiponi. Whitmore akasema atalifikiria, akavaa kofia yake.

Jumatano Zein alimngoja Kalama nje ya kiwanda, penye kona ya muuza kahawa. Alikuwa amekonda ghafla, au labda Kalama alikuwa akimtazama kwa mara ya kwanza.

“Nina neno dogo,” alisema. “Faharasa haijachapwa. Liweke jina langu pamoja na lako kwenye kile cha 1939. Wawili. Nilikirudufu mimi, hilo ni kweli. Hutapungukiwa.”

“Mti wa jicho,” Kalama alimuuliza, “unachimbwa upande gani wa mzizi?”

Zein hakujua alichoulizwa.

“Miaka kumi na minne, Kalama. Wanitupa kwa mstari mmoja wa kitabu?”

“Mimi sikukata,” Kalama alijibu, akaingia ndani.

Alikaa dirishani akamaliza kazi. Kadi ya Ngowa aliigeuza ikawa *Ngowa: tazama Kalama wa Ngowa*. Kwenye kadi yake mwenyewe aliongeza ukurasa wa 88, mbele ya zile za sura ya saba, akazihakikisha moja moja. Alikuwa ametarajia kwamba mkono wake utafurahi. Haukufurahi. Ulikuwa mkono unaoandika nambari.

Kadi ya mwisho katika bunda, kwa sababu ya herufi yake, ilikuwa ya Zein. Ilikuwa na kurasa mbili, 33 na 57, zote za makala yake ya Ramadhani. Kalama aliitazama. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaipitia tena orodha kutafuta waandishi waliofichwa, wale ambao ndani ya sura hufunikwa na neno *na wenzake*, na wanaonekana katika orodha peke yake. Katika ukurasa wa 102 palikuwa na mabano: *(Faraj na wenzake, 1941)*. Alijua bila kufungua orodha, lakini aliifungua: *Faraj bin Said, Kalama wa Ngowa na Zein bin Muhdhar. 1941. Maji ya visima vya kisiwani.* Wiki tatu walizunguka watatu na ndoo na kamba, kisima kwa kisima, Zein akiimba kila aliposhuka ngazi.

Hakuna mtu duniani ambaye angegundua kama ukurasa wa 102 umekosekana katika kadi moja. Faraj alikuwa amekwisha hamia Lamu, msomaji angeona *Faraj* na kutosheka.

Kalama alichovya kalamu. Akaandika 102 kwenye kadi yake, akaandika 102 kwenye kadi ya Zein, akapuliza wino. Akalifunga bunda kwa uzi, akampelekea mpanga herufi, akamwomba asome majina kwa sauti, yeye akifuata kwa kidole, kuanzia A.